Mwaka sifuri haupo, na Dionisi hakuusahau

Mara ya kwanza nilipofundisha mstari wa wakati kidato cha kwanza, nilichora ubaoni mstari mrefu wa chaki, nikatia nukta katikati, na chini ya nukta nikaandika 0. Kushoto KK, kulia BK. Ulipendeza. Kisha nikauliza: Kaisari Augusto alizaliwa mwaka 63 KK, akafariki mwaka 14 BK, je, alifariki na umri gani? Darasa zima likajumlisha, likajibu 77, nami nikaweka alama ya vema. Jibu lilikuwa kosa, na mwenye kosa nilikuwa mimi na ile sifuri yangu.

Kwenye kalenda tunayoitumia, siku iliyofuata tarehe 31 Desemba ya mwaka 1 KK ilikuwa tarehe mosi Januari ya mwaka 1 BK. Hakuna mwaka uliokaa kati yao. Ukiuliza kwa nini, jibu utakalopewa upesi ni kwamba Wazungu wa zamani hawakuijua sifuri. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linapita pembeni ya jambo lenyewe. Ili kuona linapopita, inabidi tulifungue jedwali moja la mwaka 525 na kusoma mstari wake wa kwanza, maana humo ndimo hesabu hii ya miaka ilimozaliwa.

Aliyeliandika ni mtawa aliyeishi Roma, Dionisi, aliyejiita Mdogo kwa unyenyekevu. Kazi yake haikuwa kuanzisha kalenda mpya. Alikuwa anatafuta tarehe za Pasaka. Jedwali lililokuwa likitumika, lenye asili yake Aleksandria huko Misri, lilikuwa la miaka 95 na lilikaribia kuisha. Lilihesabu miaka tangu Kaisari Diokletiano aliposhika utawala mwaka 284, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa 247. Dionisi alitakiwa aendelee na 248. Akakataa. Diokletiano ndiye aliyewatesa Wakristo vibaya kuliko watangulizi wake, na mtawa huyu hakuona sababu ya kumtaja kila Pasaka. Pale palipostahili kuandikwa 248 akaandika mwaka wa 532 wa Bwana wetu Yesu Kristo. Alifikaje kwenye 532 hakueleza, na wanahistoria wengi wanaona alikosea kidogo, kwa kuwa Herode, aliyekuwa mfalme Yesu alipozaliwa, hukadiriwa kufa mwaka 4 KK. Lakini kosa hilo ni la kisa kingine. Hata angelipatia, bado tusingekuwa na mwaka sifuri.

Sasa tutazame mstari huo wa kwanza. Safu ya kwanza ina mwaka: DXXXII, yaani 532 kwa namba za Kirumi. Safu mbili mbele kuna namba inayoonyesha umri wa mwezi wa angani tarehe 22 Machi, yaani mwezi una siku ngapi tangu uandame. Mwaka hadi mwaka umri huo huongezeka kwa siku 11, na ukipita 30 unatoa 30: kwa hiyo unasoma 11, halafu 22, halafu 3, halafu 14, na kuendelea. Na mwaka wa 532, ambapo hapakuwa na siku ya kuhesabu, Dionisi aliandika neno la Kilatini “nulla”. Hamna. Hakuandika namba ya Kirumi, kwa sababu Warumi hawakuwa na alama ya sifuri, ila aliweka neno linalofanya kazi yake, na hesabu ikaenda bila kukwama.

Hapa ndipo lile jibu la haraka linapoyumba. Mtu yuleyule, kwa kalamu ileile, kwenye mstari uleule, aliweza kusema “hamna” pale alipohitaji. Basi mbona safu ya miaka haikuanzia kwenye “hamna”?

Kwa sababu safu hizo mbili hazihesabu kitu cha namna moja. Umri wa mwezi ni kiasi: siku ngapi zimekwisha kupita. Kiasi kinaweza kuwa tupu. Mwaka wa Bwana ni cheo kwenye foleni: mwaka wa ngapi. Na foleni haina mtu wa sifuri. Anayesimama mbele kabisa ni wa kwanza, hata kama duka halijafunguliwa.

Kiswahili kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Tunasema tarehe mosi, si tarehe sifuri. Juma letu linaanza Jumamosi, kisha Jumapili, Jumatatu, na kabla ya Jumamosi kuna Ijumaa moja kwa moja, wala hakuna anayeulizia Jumasifuri imeenda wapi. Watu wa pwani, Ramadhani ikimalizika, wanaingia Mfungo Mosi. Siku ya Idi, ambapo hakuna hata siku moja iliyokwisha pita, tayari uko ndani ya Mfungo Mosi. Zamani ilikuwa kawaida kuandika “mwaka wa 1964”, na bado wapo waandishi wanaoandika hivyo. Ile “wa” ndogo ndiyo inayobeba maana yote: mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na nne kwenye foleni. Tulipoanza kuidondosha na kusema tu “mwaka 1964”, namba ikaanza kufanana na kipimo cha rula, na rula kweli huanzia 0.

Tazama mtoto mchanga. Akiwa na miezi minne, ana miaka mingapi? Hana hata mmoja. Yuko mwaka wa ngapi wa maisha yake? Wa kwanza. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ukiuliza la kwanza unapata “nulla”, ukiuliza la pili unapata 1. Vilevile mwanafunzi wa darasa la kwanza bado hajamaliza hata mwaka mmoja wa shule ya msingi, wala hatumwiti mwanafunzi wa darasa la sifuri.

Ndiyo maana nasema kutokuijua sifuri ni sehemu ndogo tu ya kisa. Ni kweli kwamba kanuni za kukokotoa kwa sifuri ziliandikwa India na Brahmagupta mwaka 628, miaka mia moja na zaidi baada ya Dionisi. Kutoka huko zikafika Baghdad, ambako Waarabu waliiita sifr, na kwao ndiko tulikolichukua neno letu. Ulaya ilianza kuzizoea namba hizo baada ya kitabu cha Leonardo wa Pisa cha mwaka 1202. Lakini Wafaransa walipopindua ufalme na kutunga kalenda yao wenyewe, iliyohesabu tangu tarehe 22 Septemba 1792, walikuwa na wanahisabati wa hali ya juu na sifuri walikuwa wakiitumia kila siku. Mwaka wao wa mwanzo waliuita Mwaka wa I. Hesabu ya Hijiria nayo huanza na mwaka wa 1. Anayehesabu vyeo huanza na wa kwanza hata kama mfuko wake umejaa sifuri.

Tumebaki na upande wa kushoto, na hapa kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika: Dionisi hakuwa na upande wa kushoto. Jedwali lake lilikuwa linakwenda mbele, kuanzia 532 hadi 626, kwa ajili ya Pasaka zijazo. Hakuwa na haja ya mwaka wowote wa kabla ya Kristo, kwa hiyo hata wazo la kuziunganisha pande mbili halikuwepo mezani kwake. Kumlaumu kwa kuruka sifuri ni kama kumlaumu fundi aliyejenga nyumba ya chumba kimoja kwamba hakuacha mlango wa kwenda chumba cha pili.

Chumba cha pili kiliongezwa na wengine, polepole. Beda, mtawa wa Uingereza, alipomaliza historia ya kanisa la nchi yake mwaka 731, alitumia miaka ya Bwana kwenye kitabu kizima. Alipofika kwa Julio Kaisari kuvuka bahari kwenda Uingereza, ilimbidi arudi nyuma, akaandika kwamba ilikuwa mwaka wa sitini kabla ya Bwana kutwaa mwili. (Tarehe inayokubalika leo ni 55 KK.) Angalia alivyosema: mwaka wa sitini, cheo tena. Kuhesabu nyuma kwa mtindo huo kulianza kuzoeleka baada ya karne nyingi, hasa baada ya Mfaransa Denis Pétau kuchapisha kazi yake kubwa kuhusu hesabu ya nyakati mwaka 1627.

Sasa fikiria ukuta wa msikiti uliosimama katikati ya mtaa. Unamwelekeza mgeni: ukienda kulia, nyumba ya kwanza ni ya fundi cherehani, na ukienda kushoto, nyumba ya kwanza ni ya muuza mkaa. Ukuta wenyewe hauna namba, kwa sababu si nyumba. Kati ya nyumba ya kwanza ya kulia na nyumba ya kwanza ya kushoto hakuna nyumba. Hivyo ndivyo zilivyo KK na BK: foleni mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikianza na wa kwanza wake, na katikati kuna mstari usio na unene. Sifuri yangu ya ubaoni ingekuwa sahihi kama ningeiweka kwenye mstari huo, kama jina la ukuta. Nilikosea pale nilipowaruhusu wanafunzi waione kama nyumba.

Watu walioishi wakati huo hawakuhisi mruko wowote. Roma ilikuwa ikiitambulisha miaka kwa majina ya makonsuli, yaani viongozi wakuu wawili, walioshika ofisi. Mwaka tunaouita 1 KK ulikuwa wa Kosso Lentulo na Kalpurnio Pisoni, na mwaka uliofuata ulikuwa wa Gayo Kaisari na Emilio Paulo. Makonsuli walibadilishana, maisha yakaendelea. Namba zetu zilibandikwa juu ya miaka hiyo baada ya muda mrefu sana.

Turudi kwa Augusto, maana yeye anatupa njia ya kupima. Mwandishi wa Kirumi Suetonio aliandika habari za maisha yake, na hakutegemea hesabu ya KK wala BK, ambayo haikuwepo. Anasema Augusto alizaliwa Sisero akiwa konsuli, tarehe ambayo kwetu ni 23 Septemba 63 KK, akafa tarehe 19 Agosti 14 BK, zikiwa zimebaki siku 35 atimize miaka 76. Huyo ni shahidi wa nje, tunaweza kumsimamisha mbele ya ubao.

Hesabu polepole. Tarehe 23 Septemba 62 KK alitimiza mwaka 1. Mwaka 61 KK akatimiza 2. Ukiendelea hivyo, utaona kwamba umri wake na namba ya mwaka vinafanya 63 daima, hivyo Septemba ya mwaka 1 KK alitimiza 62. Siku yake ya kuzaliwa iliyofuata ilikuwa Septemba ya mwaka 1 BK, miezi kumi na miwili tu baadaye, na hapo akatimiza 63. Mwaka 2 BK alitimiza 64, na mwaka 13 BK alitimiza 75. Agosti ya mwaka 14 alikuwa bado na 75, na kutoka 19 Agosti hadi 23 Septemba ni siku 35 kamili. Suetonio anakubali. (Kalenda ya Roma ilirekebishwa Augusto akiwa kijana, lakini marekebisho hayo yaligusa urefu wa miezi, hayakuongeza wala kupunguza idadi ya siku zake za kuzaliwa.)

Kwa jibu la darasa langu, 63 na 14 zikajumlishwa kuwa 77, Augusto angepewa mwaka mzima ambao hakuna konsuli aliyeushika. Kanuni ni rahisi: ukivuka ukuta, jumlisha kisha toa 1. Hiyo inakupa 76, nao ni umri ambao angeufikia kwenye siku yake ya kuzaliwa ya mwaka huo. Kama hakuifikia siku hiyo, toa mmoja mwingine. Wanafunzi wanaikariri kanuni hii upesi na kuisahau upesi. Mwenye kuikumbuka ni yule aliyepita mwenyewe kutoka Septemba 1 KK hadi Septemba 1 BK kwa kidole.

Wakubwa nao huteleza. Vita vya Marathoni vilipiganwa mwaka 490 KK, na mwaka 2010 mbio za marathoni za Athene zilifanywa kuwa sherehe ya miaka 2,500 ya vita hivyo. Piga hesabu: 490 na 2010 ni 2,500, toa 1, unabaki na 2,499. Sherehe iliwahi mwaka mmoja. Miaka 2,500 ilitimia 2011. Waliofanya karamu ya karne mpya usiku wa kuamkia tarehe mosi Januari 2000 waliwahi vilevile, kwa kuwa karne ya kwanza ilianza na mwaka wa 1 na ikahitaji mwaka wa 100 ili iwe mia. Ila sioni ubaya wa kufurahia tarakimu nne zikigeuka kwa pamoja kwenye kalenda, mradi mtu asije akaliandika hilo kwenye mtihani.

Waliochoshwa kweli na ule mruko ni wanafalaki. Wao wanahitaji kujumlisha na kutoa miaka mchana kutwa: kutoka kupatwa kwa jua hadi kupatwa kwingine, kutoka mzunguko hadi mzunguko. Kwao mwaka ni kipimo kwenye rula. Mwaka uleule wa 1627 ambao Pétau alichapisha kazi yake, Johannes Kepler alichapisha majedwali yake ya sayari, na kati ya miaka ya kabla ya Kristo na ya baada ya Kristo aliingiza mwaka mmoja alioupa jina la Kristo tu, bila kabla wala baada. Mwaka 1740 Jacques Cassini aliuandika wazi kuwa 0, akatoa sababu mbili. Ya kwanza, namba za pande mbili zikijumlishwa zinatoa muda sahihi bila kutoa 1. Ya pili, miaka mirefu yenye siku 366 inabaki kugawanyika kwa 4 pande zote mbili.

Sababu hiyo ya pili inafaa kuangaliwa kwa karibu. Upande wa BK miaka mirefu ni 4, 8, 12. Rudi nyuma minne kutoka mwaka 4: 3, 2, 1, halafu 1 KK. Kwa hiyo mwaka mrefu uliotangulia ni 1 KK, kisha 5 KK, kisha 9 KK, namba zisizogawanyika kwa 4. Zipe jina la Cassini, 0, −4, −8, na mpangilio unarudi. Lakini hii ni kalenda iliyopangwa nyuma kwa hesabu. Roma yenyewe, baada ya Julio Kaisari kufa, makuhani waliweka mwaka mrefu kila baada ya miaka mitatu badala ya minne, kwa sababu walisikia “kila mwaka wa nne” wakahesabu na ule walioanzia. Augusto ndiye aliyeagiza kosa lisahihishwe. Ni ugonjwa uleule wa kuchanganya cheo na kiasi, na ulikuwa umewapata waliokabidhiwa kalenda yenyewe.

Basi leo kuna hesabu mbili bega kwa bega, na msomaji anaweza kudhurika akichanganya. Vitabu vya historia vinasema KK na BK, bila sifuri. Wanafalaki, pamoja na kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, wana mwaka `0000`, ambao ndio 1 KK. Kwa hiyo mwaka wenye alama ya kutoa kwenye majedwali yao si mwaka wenye namba hiyo hiyo KK. Kupatwa kwa jua kunakosemekana mwanafalsafa Mgiriki Thales wa Mileto alikutabiri kulitokea tarehe 28 Mei 585 KK. Ukikutafuta kwenye orodha ya NASA chini ya `-0585` hutakuona. Kuko chini ya `-0584`.

Ubaoni siku hizi sichori nukta. Nachora mstari wa kusimama, kushoto kwake kisanduku cha 1 KK, kulia kisanduku cha 1 BK, vikigusana. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, sifuri iko wapi?” Namwambia aje mbele aiweke mwenyewe. Wengi husimama na chaki mkononi, wakiangalia kisanduku kimoja, kisha kingine, halafu ule mstari.